Ee ya Kusikia

Mtu akiketishwa mbele ya kamera kwa mara ya kwanza, mtazame mgongo. Uso anaweza kuutawala. Atatabasamu ukimwomba, atakunja kipaji ukimwomba. Mgongo haumtii. Ukiwa umenyooka kama wa askari kwenye gwaride, huyo bado anaiona kamera, na kila atakachokuambia kitakuwa kimepigwa pasi kabla hakijakufikia. Ngoja. Siku mgongo utakapolegea na mabega kushuka, hapo ndipo mahojiano yanapoanza, hata kama mmekaa pale tangu asubuhi.

Nayasema haya kwa vijana wanaokuja kuniuliza kazi hii hufanywaje, na huwa nawaambia wasiogope, kwa sababu sehemu kubwa yake ni mambo ya nyumbani tu: nani akae wapi, jua liko upande gani, uanze na swali gani. Nilijifunza miaka ya tisini nikibeba nyaya za watu wengine mjini Nairobi. Miaka ya elfu mbili ilipoanza nilikuwa nimepanga nyumba Kitengela, nikitengeneza filamu fupi za ukweli kwa mashirika yaliyokuwa na jambo la kusema. Mengi yalitaka kusema juu ya ardhi. Lori za mawe zilikuwa zikipita mchana kutwa, na kila ukiangalia uwanda uliona ua mpya wa waya umesimama mahali ambapo mwaka uliopita palikuwa na pundamilia.

Shirika moja lilinituma nitafute mzee aliyeuza ardhi na asiyeona haya kulieleza jambo hilo. Nilimpata upesi. Kila mtu alimjua. Alikuwa ameuza shamba lake kipande baada ya kipande, na akiuza alicheka. Alikuwa na wake wawili. Mdogo alikaa mjini Kitengela kwenye nyumba ya mawe, na mkubwa alibaki bomani, mwendo wa dakika chache kwa gari, kwenye nyumba ya mabati aliyoisimamisha yeye mwenyewe pamoja na wanawake wa jirani. Mzee aliishi kwa mke mdogo, lakini mchana alirudi kwa mkubwa kuangalia ng'ombe.

Siku ya kwanza tuliharibu kila kitu. Alikuja na koti la suti juu ya shuka lake, kofia kichwani, viatu vimepakwa rangi. Tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, tulichoazima kanisani. Mpiga kamera wangu, kijana aliyekuwa akitoka Rongai kila asubuhi na kuchelewa kila asubuhi, alimgeuza alitazame jua ili uso uonekane. Uso haukuonekana. Ukingo wa kofia uliyafunika macho kwa kivuli cheusi, na chini yake mzee alikuwa amekunja sura kama mtu aliyetafuna limau. Kamera ilikuwa karibu naye kiasi kwamba angeweza kuigusa kwa fimbo. Nikasema, "Tuko tayari."

Akasimama.

"Mabibi na mabwana," akasema kwa Kiswahili cha barazani, "mheshimiwa chifu, wageni wote mliokuja..."

Palikuwa na watu watatu na mbwa. Nilimwomba akae, azungumze Kimaa kama kawaida yake. Kimaa nakielewa, kwa sababu nililelewa Kajiado, kwenye nyumba za serikali alikofanya kazi baba yangu, ingawa wazazi wangu walitoka magharibi na matamshi yangu huwachekesha wenyewe. Nikaanza kumuuliza, na akijibu nikawa namtikisia kichwa kimyakimya, kama nilivyofundishwa. Sababu yake ni rahisi. Anayeuliza akiguna "mm" au "enhe" juu ya sauti ya anayejibu, sauti hizo mbili hazitenganishwi tena wakati wa kukata filamu. Kwa hiyo unafunga mdomo na kuacha kichwa kifanye kazi.

Mzee alisema sentensi moja akanyamaza. Akasema nyingine, akanyamaza tena, akanitazama kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Mwishowe akamgeukia mke wake, aliyekuwa akianika nguo kwenye ua.

"Huyu msichana anaumwa?" akauliza. "Nazungumza naye, ananitikisia kichwa kama mjusi."

Mke akacheka mpaka akaangusha nguo. Mpiga kamera hakujua Kimaa, lakini alicheka pia.

Nilirudi nyumbani nikiwa na kanda nzima isiyo na kitu, na mjusi huyo hakunitoka akilini. Nyuma ya nyumba yetu ya Kajiado, nilipokuwa mtoto, walinzi wawili wa Kimaasai walikuwa na desturi ya kupeana habari jioni. Mmoja akisema, mwingine alimwitikia kila baada ya maneno machache: ee... ee... ee. Nilisinzia kwa sauti ile miaka mingi. Mmaasai hasimulii habari kwa mtu aliyenyamaza. Msikilizaji humwekea "ee" kila mahali pa kuvuta pumzi, na msimulizi hukanyaga hapo na kusonga mbele. Ukimnyima ni kama umemwambia maneno yake hayafai. Mimi nilikuwa nimemketisha mzee mbele ya watu na kumnyima, kisha nikashangaa mgongo wake haulegei.

Basi nilihitaji mwitikiaji. Wenzake wa rika wangefaa, lakini hawakuwa wakikaa naye siku hizo. Wawili walikuwa wamegombana naye kwa sababu aliuza njia ya kupitishia mifugo kwenda kwenye maji, na wengine waliona aibu kuonekana naye. Nilipokwenda kumwambia mke mkubwa shida yangu, alinisikiliza, kisha akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba yake.

Palikuwa na kigingi cha chuma ardhini, kichwa chake kimepakwa rangi nyeupe, hatua chache kutoka ukutani.

"Kiliwekwa nikiwa sokoni," akasema. "Na kingine kiko kule, na kingine kule kwa miiba. Nimezunguka nikihesabu, sijui mstari unapita wapi. Sijui kama nyumba yangu iko ndani ya hiyo imeuzwa ama iko nje."

"Umemuuliza mzee?"

"Nimemuuliza. Akaniuliza kama ndama wamekunywa maji." Alikisukuma kigingi kwa ncha ya kiatu. Hakikutikisika. "Vijana wangu wananiambia, mama, nyamaza, ni ya baba. Wewe muulize. Mgeni hujibiwa."

"Nitamuuliza, yeyo," nikamwambia. Yeyo ni mama, na ndivyo nilivyomwita tangu siku ya kwanza. "Lakini ukikubali kumwitikia, kuna jambo moja. Chochote atakachosema, usishtuke. Sauti yako isipande wala isishuke. Ukishtuka ataikumbuka kamera, na akiikumbuka atafunga."

"Hata akinitukana?"

"Hata akikutukana."

"Hiyo nimezoea," akasema, "kuliko wewe umezoea hiyo mashine yako."

Safari hii nilipanga kila kitu kabla mzee hajafika, na kwa kuwa ndilo jambo ambalo watu huniuliza zaidi, nitalieleza polepole.

Kiti kwanza. Kile cha plastiki nilikirudisha kanisani. Mzee alikuwa na kigoda chake cha mti, na kila alasiri alikiweka mahali pamoja, upande wa mashariki wa nyumba, akingoja ng'ombe warudi. Usimtafutie mtu mahali pazuri. Tafuta mahali ambapo mwili wake unapajua. Kigoda nilikisogeza mbele kidogo tu, ili ukuta ubaki mbali nyuma yake na uwe ukungu kwenye picha. Fimbo yake nilimwachia. Mikono isiyo na kazi huanza kuhutubia.

Halafu mwanga. Alasiri upande ule ulikuwa kivulini, lakini mbele yake uwanda wote ulikuwa wazi, unawaka kwa jua, na mwanga wake ulimrudia usoni ukiwa umepoa. Hakulazimika kukunja macho. Ilibaki kofia, na kofia hangeivua hata kwa chifu. Nilimwomba mama shiti jeupe nikalitandika chini mbele ya kigoda, nje kidogo ya picha, ili mwanga uruke kutoka chini na kuingia kwenye ukingo wa kofia mpaka machoni.

"Na nani atafua hiyo?" mama akauliza.

"Yeye," nikasema, nikimwonyesha mpiga kamera.

"Mkikuyu afue shiti yangu? Nitakuja kuangalia."

Kamera tuliipeleka mbali, kwenye zizi la ndama, tukavuta picha kwa lenzi. Taa yake ndogo nyekundu tuliifunika kwa kipande cha utepe mweusi. Nilimwambia mpiga kamera aketi juu ya debe na asiguse kitu, kwa maana mtu anayehangaika na vifungo huvuta macho ya kila mtu. Kati ya kamera na mzee, karibu kabisa na mstari wa lenzi, nilimkalisha mke kwenye kigoda kifupi. Mimi nilikaa chini nyuma ya bega lake. Mzee akimtazama mkewe, kamera ingemwona uso mzima, na yeye angeona mtu anayemfahamu. Sikushika karatasi. Maswali yaliyoandikwa hunuka ofisi.

Na sikusema "tuko tayari." Kanda ilikuwa inazunguka alipokuwa bado anabishana na mpiga kamera anayemfungia maikrofoni ndani ya shuka. "Hii ni kupe ya umeme?" alikuwa akiuliza. "Itanyonya?" Alijua tumekuja kupiga picha, na aliniambia mbele ya mkewe kwamba yuko radhi tuchukue chochote, kwa kuwa hana la kuficha. Alichokuwa hajui ni wakati gani.

Nilianza na fahali. Nilimuuliza rangi ya fahali wa kwanza aliyepewa na baba yake. Swali kama hilo halina jibu la barazani. Mtu analazimika kumtazama yule fahali upya. Akasema alikuwa mwekundu mwenye doa jeupe shingoni.

"Ee," mke akasema.

Pembe moja iliinama.

"Ee."

Nikaona mgongo wake ukishuka, polepole, kama gunia linalokaa vizuri.

Kutoka kwa fahali tulikwenda kwenye ukame uliomuua, na kutoka kwenye ukame tukafika kwa mnunuzi wa kwanza. Sikumuuliza kwa nini aliuza. "Kwa nini" humfanya mtu ajitetee. Nilimuuliza mnunuzi alikuja amevaa nini. Viatu vyeupe, akasema, ee, vyeupe kama mayai, ee, na mvua ilikuwa imenyesha, ee, udongo mweusi ukavivua vyote viwili mbele ya watu, ee, akatembea kwa soksi akinihesabia noti. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Mpiga kamera alinitazama akinyoosha kidole sikioni, akiniashiria kwamba ee zile zinaharibu sauti. Nikamwashiria aziache.

Tulifika kwa mnunuzi wa mwisho, na mnajua nilitakiwa kuuliza nini. Lakini ukimuuliza mtu wa aina ile, "Je, nyumba ya mkeo umeiuza?" atauliza kuhusu ndama. Nikamuuliza hivi: "Huyu wa sasa, mpaka ulimwonyesha kwa mkono au mlitembea?"

"Tulitembea!" akasema. Akaanza kutembea, pale pale kwenye kigoda, akichora kwa ncha ya fimbo vumbini. Walitoka kwenye miiba.

"Ee."

Wakashuka mpaka kwenye mawe ya mtoni.

"Ee."

Wakarudi juu, wakapita nyuma ya choo.

"Ee."

Wakapita mbele ya zizi hili la ndama. Fimbo ilizunguka na kukutana na mahali ilipoanzia. Nyumba ilikuwa katikati ya mchoro.

"Ee," mke akasema. Nilikuwa nyuma ya bega lake. Halikusogea.

Mzee alikuwa anamtazama yeye. Nadhani kwa wakati ule hata mimi hakuniona. "Akaniuliza, na hii nyumba? Nikamwambia, bomoa."

"Ee."

"Mabati chukua. Na mwanamke aliye ndani, ukimtaka, bei ni ile ile, sikuongezei hata shilingi."

"Ee."

"Tukacheka! Akaniambia, mzee, lakini bodi ya ardhi watauliza kama mke amekubali. Nikamwambia, mke yupi? Nina wawili, nitachagua."

"Ee."

"Huyu mkubwa amekauka, hata jasho hana, lakini ukimpeleka mbele ya bodi machozi yatapatikana. Nitakwenda na mdogo. Mdogo akiulizwa atasema ndiyo, na ana uso wa kutazamika."

"Ee."

"Alhamisi hii. Bodi inakaa Kajiado asubuhi."

"Ee."

Swali lililofuata lilikuwa fupi na nililiuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia. "Na huyu atakaa wapi?"

"Kwao ni Loitokitok," akasema. "Arudi akapalilie nyanya za watu. Nilimchukua akiwa na ndoo moja, arudi na ndoo moja. Na asichukue ile nzuri."

Hapo ndipo nilipotegemea sauti ivunjike. Nimekaa na watu wengi nyuma ya kamera, na najua kimya kinachotangulia kilio. Ulipita muda wa kuvuta pumzi.

"Ee," akasema mke, kwa sauti ile ile aliyompokelea fahali mwekundu.

Ng'ombe wakaanza kuingia. Mzee akainuka na waya wa maikrofoni ukamvuta shuka. "Mbona hamuanzi?" akaniuliza. "Jua linazama, nyinyi ilmeek mnakaa tu kama wageni wa matanga." Ilmeek ni sisi wengine, watu weusi tusio Wamaasai, na si neno la heshima. Nilimwambia tumeshamaliza. Akatazama kamera kule zizini kama mtu anayeona gari la jirani, akaenda kuhesabu ng'ombe wake.

Mama alilikung'uta shiti, akalikunja pembe kwa pembe.

"Alhamisi," akasema. Halafu, "Uko na gari?"

Siku ya bodi nilimpeleka Kajiado. Hakuzungumza njiani ila mara moja, kuniuliza kama kitambaa chake kimekaa sawa. Mzee tulimkuta kwenye baraza la nje pamoja na mnunuzi na mke mdogo, ambaye alikuwa msichana mwenye mtoto mgongoni na viatu vipya vilivyomuuma. Mzee alituona tukishuka. Hakukasirika. Alifurahi, kama mtu aliyeletewa kitu alichokisahau nyumbani.

Ndani, mkuu wa tarafa alikaa nyuma ya meza na wazee wa bodi walikaa kando yake kwenye benchi. Alikuwa mtu wa kutoka mbali, mpole na mwenye haraka. Zamu yetu ilipofika akauliza, "Mke wa muuzaji yupo?"

Wanawake wawili wakasimama.

"Haya," akasema, na watu wakacheka. "Nani anakaa kwenye hiyo ardhi?"

"Mimi," mama akasema.

"Ni huyu," mzee akadakia, hata kabla hajaulizwa. "Nilitaka kuja na mdogo kumpunguzia mkubwa safari, lakini hata huyu alishakubali. Nilimwambia yote mdomoni mwangu, mpaka, bodi, siku, yote, na kwa kila neno alisema ee. Hakukataa hata moja. Si hadithi yangu. Yule mama wa kamera yuko pale, ako nayo kwa kanda. Muulize."

Mkuu wa tarafa akanigeukia. "Ni kweli?"

"Ni kweli alisema ee."

Mnunuzi akafunga faili lake. Mke mdogo alimtazama mama kisha akatazama chini.

"Lakini mheshimiwa," nikasema, "ee ile haikuwa ya kukubali. Ni desturi ya kuitikia habari. Mtu akisimulia, msikilizaji anamwitikia ili aendelee. Mimi ndiye niliyemwomba..."

"Mama, hapa si darasa la lugha. Ee si ndiyo?"

"Kwa Kiswahili, ndiyo. Kwa hawa..."

"Basi."

Niliwatazama wazee wa bodi. Kila mmoja wao alijua. Walitazama fimbo zao. Yule aliyesimulia alikuwa rika lao, wametahiriwa pamoja, na wamekula nyama moja. Mzee wangu akageuka kuwatazama, na nikaona jinsi alivyokuwa na uhakika nao. Mtoto wa mke mdogo aliamka mgongoni.

Ndipo mzee mmoja mwishoni mwa benchi, mwenye blanketi la mistari, akasafisha koo. "Huyu ndugu yangu," akasema, "nimemwitikia ee tangu tukiwa wachunga ndama. Kila siku habari, kila siku ee. Na sijawahi kumpa hata mbuzi kwa hizo ee. Kama ee ni kukubali, basi huyo ananidai boma lote."

Chumba kizima kikalipuka. Hata mnunuzi alicheka, kisha akaacha. Mkuu wa tarafa aligonga meza kwa kalamu, akamtazama mama.

"Wewe mwenyewe sema. Ee yako ilikuwa ya nini?"

"Ya kusikia," akasema. "Ya kukubali hajaniuliza."

"Sasa anakuuliza."

"Sasa ninakataa."

Kibali kikakataliwa. Iliamriwa kwamba hawezi kuuza kile kipande chenye nyumba mpaka mke akubali, na mzee akaambiwa arudishe alichopokea kwa ajili yake. Wakaitwa wengine. Hayakuchukua muda mrefu kuliko ninavyoyaeleza.

Nje, mzee alimngojea mkewe kwenye ngazi. Nilitegemea apige kelele. Alizungumza taratibu, karibu kwa upole, na watu waliokuwa kwenye foleni walinyamaza ili wasikie.

"Umepata udongo," akamwambia. "Ni wako. Sasa ule huo. Ng'ombe ni wangu, nyasi wanazokula ziko matumboni mwao. Watoto ni wangu. Hata jina wanalokuitia ni mimi nilikupa. Kaa ndani ya vile vigingi vyako. Akifa mtu kwangu hutaambiwa, na ukifa wewe sitaambiwa."

Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe nakerai," akasema, yaani mtoto, "ulikuwa na haki ya kunitikisia kichwa. Ungeendelea hivyo."

Mke mdogo alipita katikati yetu akichechemea. Alipofika kwa mama aliinamisha kichwa ili aguswe utosini, kama mtoto anavyosalimia mkubwa. Mama akamgusa. Mzee akamwita kwa mluzi, kama anavyoitwa mbwa, akaenda.

Filamu tuliimaliza. Aliyeisimamia kutoka kwa shirika aliniomba niondoe zile ee, zinachosha, akasema. Nilimweleza kwamba zimeingiana na sauti ya mzee, na ukiondoa moja unakata neno lake. Zikabaki. Ilionyeshwa kwenye ukumbi wa hoteli Nairobi, mbele ya watu waliokuja kuzungumzia njia za wanyama na nyua za waya. Nilikuwa nimekata maneno yote juu ya bodi na nyumba, kwa hiyo walichoona ni mzee na fahali wake na yule mtu wa viatu vyeupe. Walicheka sana. Mwanamke mmoja aliniuliza wakati wa chakula nilifanyaje mpaka mzee akasahau kabisa kamera. Nikamweleza habari za kigoda, kivuli na shiti, na akaandika.

Nilikwenda kumwambia mama kwamba filamu imeonyeshwa. Mvua ilikuwa imepita na uwanda ulikuwa kijani mpaka macho yanauma. Nilimkuta upande wa mashariki wa nyumba, anapukusa maharage. Zizi la ndama lilikuwa wazi na ndani yake majani yalikuwa yameanza kuota kwenye samadi. Alinikaribisha, akachemsha chai, akanimiminia chai ya rangi kwenye kikombe cha bati. Kwa Mmaasai, kuliko kumpa mgeni chai isiyo na maziwa ni afadhali kutompa kitu, na alinitazama nikinywa ili aone kama nitasema neno. Nikamaliza kikombe.

"Amewatoa wote," akasema baadaye. "Hata yule mwenye ndama mchanga. Hata mbuzi."

"Mzee alikuja mwenyewe?"

"Yeye hawezi kukanyaga hapa. Alimtuma yule kijana wangu wa mwisho."

Nilimjua. Ndiye aliyekuwa akimletea sukari kutoka mjini.

"Alisema nini?"

"Hakusema. Ameambiwa asinisalimie." Alipuliza maganda ya maharage kutoka kwenye ungo. "Alihangaika na mlango wa zizi, akivuta, akisukuma, ng'ombe wamejaa nyuma yake wanakanyagana. Hajui ule mlango unashika wapi. Nikaenda nikamfungulia."